Picha 240, saizi moja

Picha ya pasipoti saizi inayoombwa na ofisi nyingi ina upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45. Mtu mmoja akija steshenari kupigwa picha, fundi huikata kwa macho na uzoefu, na kazi inaisha. Shida huanza pale shule inapoleta picha za wanafunzi 240 kwenye flashi, zimepigwa na walimu watatu kwa simu tatu, na mwalimu mkuu anataka zote zitoke na kipimo kimoja ili zibandikwe kwenye fomu. Fundi anazifungua, anaziprinti, na hii inatoka kubwa kama kalenda, ile ndogo kama stempu. Anaanza kuvuta pembe za picha kwa mausi, moja baada ya nyingine, hadi usiku.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta kwa dakika chache, tena kwa programu za bure. Lakini amri zenyewe hazina faida kwa mtu asiyejua kinachoamua ukubwa wa picha karatasini, kwa hiyo tuanzie hapo.

Picha ya kidijitali haina sentimita. Ina pikseli tu, yaani vidoa vya rangi vilivyopangwa kwa safu. Simu nyingi hutoa picha ya pikseli 3000 kwa 4000. Ili pikseli hizo zigeuke kuwa kitu cha kushikika, lazima mtu aseme ni pikseli ngapi zitabanwa ndani ya inchi moja ya karatasi. Idadi hiyo ndiyo watu wanayoiita DPI. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo hesabu yote ni hii:

```
milimita = pikseli ÷ DPI × 25.4
```

Picha ya pikseli 3000 kwa 4000 ikipewa DPI 72, itatoka na upana wa sentimita 106 na urefu wa sentimita 141, ukubwa wa mlango mdogo. Ikipewa 300, itakuwa sentimita 25 kwa 34. Pikseli ni zilezile, hakuna iliyoongezeka wala kupungua. DPI ni lebo iliyobandikwa kwenye gunia: ukifuta kilo 50 ukaandika kilo 90, maharage ya ndani hayaongezeki. Ndiyo maana mteja anayesema "niongezee DPI ifike 300" kwenye picha ndogo iliyokwisha kufifia anaomba kitu kisichoweza kumsaidia. Lebo itasoma 300, na picha itatoka ndogo zaidi, basi.

Hiyo 72 inayoonekana kila mahali ina historia. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kioo chenye pikseli 72 kwa inchi, zikalingana na pointi 72 za wachapaji, hivyo kilichoonekana kwenye kioo kilitoka karatasini na ukubwa uleule. Vioo vya namna ile vimeshatoweka, lakini namba imebaki. Kanuni ya Exif, ambayo kamera na simu huifuata kuandika maelezo ndani ya picha, inasema kifaa kisipojua DPI kiandike 72. Simu haijui utaiprinti picha kwa ukubwa gani, basi inaandika 72. Windows nayo ilikulia kwenye 96, na programu zake nyingi zikikuta picha isiyo na lebo hudhani ni 96. Hakuna hata moja kati ya namba hizo iliyochaguliwa kwa ajili ya kazi yako.

Sasa turudi kwa wanafunzi 240. Tuseme simu ya kwanza inatoa picha za pikseli 3000 kwa 4000, ya pili 3456 kwa 4608, na mwalimu wa tatu alituma zake kwa WhatsApp, zikafika zikiwa 1200 kwa 1600. Fundi aliyesikia kwamba "picha ya kuprinti iwe 300" ataweka 300 kwenye faili zote kwa mkupuo mmoja na kuamini amemaliza. Matokeo: za kwanza zitatoka na upana wa sentimita 25.4, za pili 29.3, za tatu 10.2. Lebo moja, saizi tatu. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika kazi hii. Kuweka DPI moja kwa picha nyingi kunaleta saizi moja pale tu picha hizo zote zinapokuwa na pikseli sawa.

Kwa hiyo kinachotangulia ni milimita. Ukishajua unataka 35 kwa 45, unageuza hesabu:

```
pikseli = milimita ÷ 25.4 × DPI
35 ÷ 25.4 × 300 = 413
45 ÷ 25.4 × 300 = 531
```

Tumeacha sehemu ndogo za pikseli. Kosa linalobaki halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na hakuna mkasi unaoweza kuliona.

Kwa nini 300? Jicho zima, picha ikiwa umbali wa sentimita 30 kama unavyoshika kitabu, linashindwa kutenganisha vidoa vinavyokaribiana zaidi ya hapo. Ukipiga hesabu unapata kama 290 kwa inchi. Bango la ukutani linalotazamwa kutoka mita 2 halihitaji hata robo yake. Na usibabaishwe na boksi la printa lililoandikwa 5760 kwa 1440. Hayo ni matone ya wino ambayo mashine huyachanganya kutengeneza rangi ya pikseli moja, hayahusiani na namba unayoiandika kwenye faili. Kwa picha ya fomu, 300 inatosha kabisa.

Programu mbili zitatufaa hapa. Ya kwanza ni ExifTool, iliyoandikwa na Phil Harvey, inayosoma na kubadili maelezo ya ndani ya faili bila kugusa pikseli. Ya pili ni ImageMagick, inayofungua picha yenyewe, kuipunguza, kuikata na kuihifadhi upya. Zote ni za bure, zinafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na zote mbili hutumika kwa kuandika amri. Asiyependa kuandika amri anaweza kutumia IrfanView kwenye Windows, ambayo sehemu yake ya kubadili picha nyingi kwa pamoja ina sanduku la saizi na sanduku la DPI. Mantiki itakuwa ileile. Mimi napendelea amri kwa sababu moja: unaihifadhi kwenye daftari, na mwakani shule ikirudi unaiandika tena herufi kwa herufi na kupata matokeo yaleyale.

Kabla ya kubadili chochote, tazama ulichonacho. Weka picha zote kwenye folda moja, tuiite picha, kisha fungua dirisha la amri palepale ilipo folda hiyo na uandike:

```
exiftool -T -FileName -ImageSize -Orientation -XResolution -ResolutionUnit picha
```

Utapata orodha ya mistari 240, kila mmoja ukiwa na jina la faili, pikseli zake, mkao wake, DPI na kizio cha DPI hiyo. Ipitie kwa utulivu, maana dakika hizo tano ndizo zitakazokuokolea karatasi. Picha yenye upana chini ya pikseli 413 haina maharage ya kutosha. Mwombe mwalimu aipige tena, au aitume kama dokumenti badala ya picha, kwa sababu WhatsApp hupunguza pikseli za picha ya kawaida na kufuta maelezo yake, wakati dokumenti hufika kama ilivyotoka. Ukiona mstari unasoma 1 na None, hiyo ni faili isiyo na DPI yoyote ya maana. Ukiona Rotate 90 CW, ujue simu ilishikwa wima lakini pikseli zimehifadhiwa zikiwa zimelala, na kuna maandishi tu yanayoiambia programu izigeuze wakati wa kuonyesha. Picha hiyo orodha itaitaja kuwa 4000x3000, ingawa wewe unaiona imesimama.

Tazama pia kama kuna faili zinazoishia na HEIC. Ndivyo iPhone inavyohifadhi picha, na amri itakayofuata, inayotafuta jpg peke yake, itazipita bila kusema neno. Utagundua wanafunzi wamepungua wakati wa kukata. Zibadilishe kuwa JPEG kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Tengeneza folda mpya ndani ya folda ya picha, uiite tayari. Usipoitengeneza kabla, programu italalamika kwamba haioni mahali pa kuandika. Ingia kwenye folda ya picha, kisha:

```
magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "413x531^" -gravity north -extent 413x531 -units PixelsPerInch -density 300 -quality 95 *.jpg
```

Amri ni ndefu, lakini kila kipande kina sababu, na ukikiacha utaona pengo lake. Sehemu ya -path inaelekeza picha mpya kwenye folda ya tayari. Ikikosekana, mogrify huandika juu ya faili za asili, na picha za pikseli 3000 zinageuka kuwa 413 milele. Kama hukuzinakili kwingine, hakuna kurudi nyuma.

Sehemu ya -auto-orient inazisimamisha zile picha zilizolala kabla ya kukatwa. Ukiiacha, kompyuta inaikata picha ikiwa ubavuni, na mwanafunzi anatoka kichwa kikiwa kimekatwa utosi.

Kisha -resize. Alama ya ^ inasema: punguza picha hadi ijaze kisanduku cha 413 kwa 531, hata kama upande mmoja utazidi. Bila alama hiyo programu huipunguza picha hadi itoshee ndani ya kisanduku, na upande mmoja hubaki na pengo. Alama za kunukuu zinazoizunguka ni za lazima kwenye Windows, kwa kuwa dirisha la amri huimeza ^ ikiachwa wazi. Picha ya simu ya 3000 kwa 4000 ikipita hapa inakuwa 413 kwa 551, yaani imezidi urefu kwa pikseli 20. Ziada hiyo ndiyo -extent inayoiondoa, na -gravity inaamua iondolewe upande gani. Mafunzo mengi huandika center, yaani kata juu na chini sawa. Kwa picha za watu mimi naandika north, inayoshika sehemu ya juu na kukata chini tu, maana kifua kikipungua kidogo hakuna atakayelalamika, lakini utosi ukikatwa fomu inarudishwa. Tofauti ni ndogo kwa picha ya simu. Kwa kamera kubwa inayopiga pikseli 4000 kwa 6000, ziada inafika milimita 7 na nusu, na ukikata sawasawa juu na chini karibu milimita 4 za nywele zinaondoka.

Jambo moja amri hii haliwezi: kujua uso uko wapi. Mwalimu aliyempiga mwanafunzi kuanzia magotini atapata picha ya milimita 35 kwa 45 yenye kichwa cha ukubwa wa punje ya mahindi. Picha za namna hiyo zitenge na uzikate kwa mkono kwanza, ukizingatia uwiano wa 7 kwa 9, ambao ndio wa 35 kwa 45, kisha uzirudishe kwenye folda. Zikiwa nyingi, ni haraka zaidi kumwambia mwalimu arudie kupiga akiwa amesogea karibu.

Kinachobaki ni lebo, na hapa pana mtego mdogo ambao umewasumbua wengi. Ukiandika -density 300 peke yake, ukaacha -units, picha isiyokuwa na kizio inaweza kuhifadhiwa ikisema 300 bila kusema 300 za nini. Programu inayoisoma inaona namba isiyo na inchi wala sentimita, inaipuuza, na kurudi kwenye 72 au 96 yake. Fundi anaapa kwamba ameweka 300, na kweli ameweka. Ziandikwe zote mbili pamoja, kila mara.

Watu wengine huongeza -strip ili faili iwe nyepesi. Kwa picha za iPhone nashauri usifanye hivyo. Simu hizo hutumia wigo wa rangi mpana kuliko wa kawaida, na maelezo yake yako ndani ya faili. Ukiyafuta, programu inayofuata hutafsiri rangi vibaya na nyuso zinapauka.

Rudia sasa ile amri ya orodha, safari hii kwa folda ya tayari. Mistari yote isome 413x531, 300, inches. Mstari mmoja ukikataa kufanana na wenzake, shughulikia huo kabla ya kuwasha printa.

Kuna hali nyingine ambayo huhitaji kugusa pikseli hata kidogo. Tuseme studio imekuletea picha zilizokwisha kukatwa vizuri, zote 413 kwa 531, ila lebo inasema 72. Ukiziingiza kwenye programu ya kupanga kurasa, kila moja inatua ikiwa na upana wa milimita 146. Hapa ImageMagick haifai, kwa sababu kila inapohifadhi JPEG huibana upya na kupoteza ubora kidogo. ExifTool inabadili lebo tu:

```
exiftool -XResolution=300 -YResolution=300 -ResolutionUnit=inches *.jpg
```

Yenyewe inaweka nakala ya kila faili ya zamani, ikiiongezea _original mwishoni mwa jina. Ziache hadi kazi ipokelewe na mteja.

Watumiaji wa GIMP na Photoshop wanao mgawanyo uohuo kwenye menyu zao. Katika GIMP, Image > Print Size hubadili lebo, na Image > Scale Image hubadili pikseli. Photoshop imeviweka vyote viwili kwenye dirisha moja la Image Size, na tofauti yao ni kisanduku cha Resample: kikiwa na alama pikseli zinaguswa, kikiondolewa alama ni lebo peke yake. Wengi hawakitazami kisanduku hicho, ndipo picha nzuri inapopunguzwa bila mwenyewe kujua.

Wakati mwingine umefanya yote sawa, na bado programu moja inaonyesha 300 huku nyingine ikishikilia 72 kwa faili ileile. Hakuna inayodanganya. Faili ya JPEG inaweza kubeba lebo zaidi ya moja: ipo ya mwanzoni mwa faili, iitwayo JFIF, na ipo ya Exif iliyotoka kwenye kamera. Programu moja husoma hii, nyingine ile. Kuziona zote pamoja, andika:

```
exiftool -a -G1 -XResolution -YResolution -ResolutionUnit 0001.jpg
```

Ukiona [JFIF] ina 300 na [IFD0], ambayo ndiyo ya Exif, ina 72, umempata mchawi wako. Ile amri fupi ya ExifTool niliyoitaja juu huandika kwenye Exif na kusahihisha namba hiyo popote pengine ilipokwisha kuwepo, hivyo inazipatanisha. Faili za PNG zina jambo lao: huhesabu pikseli kwa mita, na kwa kuwa 300 kwa inchi ni 11,811 kwa mita na sehemu ndogo sana, baadhi ya programu huonyesha 299.9994. Usihangaike nayo.

Sasa karatasi. Picha 240 haziprintiwi moja moja. Karatasi ya picha ya inchi 4 kwa 6, ile ya kawaida ya studio, ikilazwa ina pikseli 1800 kwa 1200 kwa DPI 300. Picha nne zinakaa kwa upana na mbili kwa urefu, yaani 8 kwa karatasi, na kazi nzima ni karatasi 30. ImageMagick inaweza kuzipanga pia:

```
magick montage tayari/*.jpg -tile 4x2 -geometry 413x531+12+12 karatasi.png
magick mogrify -gravity center -extent 1800x1200 -units PixelsPerInch -density 300 karatasi*.png
```

Amri ya kwanza inapanga picha na kuacha pikseli 12 kila upande wa kila picha, kiasi cha milimita 1, na kati ya picha mbili milimita 2 za kupitisha mkasi. Ya pili inajaza karatasi hadi inchi 4 kwa 6 kamili na kuibandika lebo. Hapa mogrify haina -path kwa makusudi, kwa kuwa hizi ni faili tulizotengeneza wenyewe na tunaweza kuzitengeneza tena.

Faida ya kujaza karatasi nzima inaonekana kwenye mashine za studio. Nyingi hazisomi DPI kabisa. Zinachojua ni kwamba karatasi ni inchi 4 kwa 6 na picha lazima iijaze. Ukizipelekea picha moja ya pasipoti, zitaikuza hadi iwe karatasi nzima, hata lebo iseme nini. Ukizipelekea karatasi iliyokwisha kupangwa kwa uwiano uleule, kila kilichomo kinabaki na kipimo chake.

Printa ya mezani nayo ina ukaidi wake. Chaguo la kutoshea ukurasa, Fit to page, huipunguza picha ili iepuke kingo ambazo printa haiwezi kuzifikia. Chaguo la kuprinti bila kingo hufanya kinyume: huikuza kidogo ili wino uvuke ukingo wa karatasi. Yote mawili yanaharibu milimita ulizozihangaikia. Tafuta Actual size au 100%, na kama mashine inaruhusu, zima upanuzi wa kutokuwa na kingo.

Kisha printi karatasi moja tu, kwenye karatasi ya kawaida ya kopi, na uchukue rula. Upana wa picha moja utakuambia kosa liko wapi kuliko dirisha lolote la kompyuta. Ukisoma milimita 35, endelea. Ukisoma 33 au 34, printa imetoshea ukurasa. Ukisoma 36 au zaidi kidogo, ni kuprinti bila kingo. Ukisoma 109, programu haikuona lebo ikatumia 96, na ukisoma 146 imetumia 72. Na ikitoka picha ndogo ya ajabu yenye upana wa milimita 14, kizio cha lebo kimeandikwa sentimita: pikseli 300 zimebanwa ndani ya sentimita moja badala ya inchi moja, na picha imepungua mara mbili na nusu.

Kuna kazi moja ambayo usiziguse lebo kabla ya kuuliza. Picha za zamani zilizoskaniwa, za familia au za nyaraka za ofisi, huwa na DPI yenye maana. Skana iliyowekwa 600 iliandika 600, na lebo hiyo ndiyo inayohifadhi ukubwa wa picha ya asili. Ukipitisha amri ya 300 juu ya folda nzima, kila picha itaprintiwa maradufu ya asili yake, na mwenyewe hatajua tena ile ya babu ilikuwa ya mfukoni au ya ukutani.

Kwa picha za shule hakuna wasiwasi huo. Mwulize mwalimu mkuu milimita anazotaka kabla hajaondoka dukani, na umwandikie kwenye risiti. Wapo wanaosema pasipoti saizi wakimaanisha 35 kwa 45, na wapo wanaohitaji ya viza ya Marekani, ambayo ni mraba wa inchi 2 kwa 2, yaani pikseli 600 kwa 600 kwa DPI 300. Amri ni ileile, zinabadilika namba mbili.